Maji ya Mkunazi

Honi ya gari la dereva Mabula ilikuwa imeharibika tangu masika. Ilikuwa hailii tena, ilikuwa inakohoa. Rehmat alikuwa jikoni na kisu mkononi aliposikia kile kikohozi langoni, na kisu kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akajiambia ni vitunguu. Alikuwa hajakata hata kimoja.

Waliosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawakukosea. Mama yake, aliyekuwa akikaa eda katika chumba cha ndani, alimwita kwa sauti ya chini.

"Rehmat, wamefika?"

"Wamefika, mama."

"Basi osha uso. Unataka Baba Mkubwa wako akuone hivyo?"

Rehmat akaosha uso. Maji ya bomba la Ngokolo yalikuwa ya baridi, maana kiangazi cha Shinyanga kina asubuhi za kuuma, lakini mashavu yake yalibaki ya moto. Hakuwa amemwona Adam tangu siku ya mazishi ya baba. Walikuwa wakizungumza kwenye simu, kwa kunong'ona, naye alikuwa amejifunza kwamba sauti ya mtu haishibishi. Ukishaisikia unataka na uso, na uso ukiuona unataka akae, asiondoke.

Adam alikuwa msimamizi wa duka la baba yake Rehmat kule Kalangalala, mjini Geita. Waliuza pampu za kuvutia maji mashimoni, mipira, nyundo, buti na kila kitu ambacho mchimbaji anakihitaji kabla hajaiona dhahabu. Miaka mitatu Rehmat alikwenda na baba yake dukani humo, na miaka mitatu Adam alimpisha njia kwa adabu mno, mpaka siku moja akamuuliza kwa hasira, "Kwani mimi nina ukoma?" Adam akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza Rehmat.

Tatizo halikuwa rangi, ingawa majirani walidhani hivyo. Adam alikuwa Msukuma wa Nyasubi, Kahama, aliyelelewa na shangazi yake, Bi Mwanaima, mwalimu wa chuo cha Kurani. Rehmat alikuwa Mhindi wa Kihoja, na ukoo wake wote ni Mashia Ithnaasheri. Adam na shangazi yake walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafii. Wote Waislamu, wote wanaelekea kibla kimoja. Lakini kati yao palikuwa na swali la zamani sana: Mtume alipofariki, nani alistahili kushika mahali pake?

Na siku hii ya leo Rehmat ndiye aliyeichagua. Ilikuwa mwezi kumi na nane wa Mfungo Tatu, Idd ya Ghadir. Alimwambia Adam, "Njooni na posa siku hiyo hiyo, usiniulize kwa nini." Adam hakuuliza.

Asubuhi mezani, Baba Mkubwa Akberali, kaka wa marehemu baba yake, aliyetoka Mwanza jana yake, alikuwa amesimulia habari za Ghadir kama alivyozisimulia kila mwaka. Chai yake ilipoa. Mikono yake mikubwa ya mfanyabiashara ilikuwa imekisahau kikombe.

"Mtume alikuwa anarudi kutoka Hija yake ya mwisho," alisema. "Amefika Ghadir Khum, mahali misafara inapoachana, huyu aende Misri, huyu Iraki, huyu Madina. Jua kali. Akasimamisha watu wote. Waliotangulia wakarudishwa, waliochelewa wakangojwa. Wakampangia matandiko ya ngamia akapanda juu, akamshika Ali mkono akauinua. Akasema, ambaye mimi ni maula wake, basi Ali ni maula wake. Bwana wake, mwongozi wake! Nini tena, mwanangu? Mtu anasimamisha maelfu juani kuwaambia jambo la mchezo?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Haikupita hata miezi mitatu, Mtume akafariki. Ali yuko ndani na jamaa zake, anamwosha. Anaosha mwili wa aliyemlea. Na wenzake wako wapi? Wako Saqifa, kibanda cha Bani Saida, wanagawana uongozi. Mwili haujaingia kaburini!" Hapo ndipo alipolia, kama kila mwaka. "Haki ya mtu imeamuliwa, naye mikono yake ina maji ya kuoshea maiti. Hilo ndilo linaloniuma hata leo."

Rehmat alimpa kitambaa. Alimpenda Baba Mkubwa wake. Na alipokuwa akimwangalia akijifuta machozi, alikumbuka siku nyingine, jambo lililokuwa limemkaa kifuani kama mfupa. Hakulisema. Alilitunza kwa ajili ya mchana huu.

* * *

Sasa alisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mama yake kitini pembeni yake, akiangalia sebuleni kupitia upenyo mdogo.

Adam aliingia wa mwisho. Alikuwa amekonda. Kanzu yake nyeupe ilimpwaya mabegani, na ndevu alizichonga vizuri kuliko siku zote, jambo lililomfanya Rehmat atake kucheka na kulia kwa pamoja. Kabla hajaketi, macho yake yalitembea ukutani, yakapita picha ya Kaaba, yakafika kwenye pazia, yakasimama hapo. Hakuweza kumwona. Lakini alijua. Rehmat akashika kitambaa cha pazia upande wake kana kwamba ni mkono wa mtu.

"Shikamoo, Mzee Akber," Adam alisema.

"Marahaba. Ketini. Bi Mwanaima, karibu sana. Mabula, hujambo?"

"Sijambo, Mzee. Wabeja, wabeja," Mabula dereva alijibu, akishukuru kwa Kisukuma, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayeogopa kulichafua.

Bi Mwanaima hakuwa mtu wa kuzunguka. Alipokea maji, akanywa kidogo, akaweka bilauri chini.

"Bwana Akber, kwanza tunawapa pole tena. Marehemu ndugu yako Mohamedtaki alikuwa baba kwa huyu mwanangu. La pili, tumefuata neno lake. Alituahidi binti."

"Alimwahidi nani? Nani alisikia?"

"Nilisikia mimi," Mabula alisema. "Na madereva wote walisikia. Mimi ni Mkristo, Mzee, haya mambo yenu ya ndani siyajui, ila nilichokiona nitakisema."

"Sema."

"Tulikuwa tunatoka Geita, magari matatu. Tulipofika Kahama, pale Nyasubi ambapo mmoja anakwenda Tinde na mwingine anakata kuelekea Kakola, Mzee Taki akasema wote tusimame. Mimi nilikuwa nimeshatangulia, akanipigia simu nirudi. Nikarudi. Akasimama kwenye ngazi za hoteli, akamshika Adam mkono, akauinua hivi." Mabula akainua mkono wake mwenyewe, mnene, wenye saa ya plastiki. "Akasema, 'Sina siku nyingi, moyo wangu umechoka. Niliyekuwa mkubwa wake, mkubwa wake sasa ni Adam. Na Rehmat wangu namwacha mikononi mwa Adam.' Tukapiga makofi. Halafu akatununulia chai."

Nyuma ya pazia mama Rehmat aliinamisha kichwa. Rehmat aliweka mkono begani kwake. Wiki chache tu baada ya chai hiyo, baba yake aliangukia kaunta ya duka Kalangalala, na Adam ndiye aliyempakia garini akamleta nyumbani, kichwa cha marehemu kimelala pajani kwake njia nzima.

Baba Mkubwa Akberali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na Rehmat alilijua tabasamu hilo. Ni lile la mtu anayekaribia kukupunguzia bei ambayo alishaipandisha.

"Mabula, sikukatalii. Maneno hayo aliyasema, hata mimi nimeyasikia kwa wengine. Lakini niambie. Siku zile, madereva mlikuwa mnamnung'unikia nani?"

Mabula akamtazama Adam, akakuna shingo.

"Adam."

"Kwa sababu gani?"

"Makoti ya mvua, Mzee. Tulibeba mzigo wa makoti mapya, njiani mvua ikatukuta, tukayavaa. Adam akatuvulisha yote, akayakunja, akayarudisha kwenye maboksi. Akasema mali ya mwenyewe haivaliwi kabla mwenyewe hajaigawa. Tulilowa, Mzee! Tukaenda kumshitaki."

"Basi mmeona," alisema Baba Mkubwa, akamgeukia Bi Mwanaima mikono imefunguka. "Ndugu yangu alikuwa anamtetea kijana mbele ya watu waliomchukia. Alisema mpendeni, mheshimuni, nina imani naye. Hayo ni maneno ya kumsifu mtu mwema. Siyo wasia, siyo ndoa. Mkitaka kila sifa iwe wasia, hatutazikana."

Rehmat alihisi damu ikimpanda masikioni. Alitaka kutoka saa hiyo hiyo. Mama yake akamshika mkono. "Ngoja," alinong'ona. "Acha amalize."

"Zaidi ya hapo," aliendelea Baba Mkubwa, "siku ya msiba wazee wa ukoo tulikaa. Nyumba ilikuwa haina kichwa. Mjane, binti mmoja, maduka Geita, Kahama na hapa, na kila mtu na maneno yake. Tungengoja, ukoo ungepasuka. Tukashauriana, tukakubaliana binti aolewe na kijana wetu wa Dar es Salaam, na mimi nisimamie mali. Wengi walikubali. Shauri la wengi lina baraka."

Bi Mwanaima alimwangalia kwa muda mrefu. Pembe za mdomo wake zikaanza kucheza.

"Bwana Akber, usinikasirikie mama mtu mzima. Ila leo umesema kama mimi ninavyowafundisha watoto chuoni."

"Unamaanisha nini?"

"Sisi ndio tunaosema hivyo. Hadithi ya Ghadir hatuikatai, imo vitabuni mwetu. Tunasema watu walimnung'unikia Sayyidna Ali kwa sababu ya safari ya Yemen, aliwavua nguo za ngawira walizozivaa kabla hazijagawanywa. Mtume akamtetea, akasema anipendaye mimi ampende na Ali. Tunasema hakuacha jina la wa kumrithi, akawaachia umma washauriane. Na Saqifa tunasema haikuwa njama. Ansari, wenyeji wa Madina, walikuwa wameshakaa kumchagua Saad bin Ubada, wengine wanasema tuwe na amiri wetu nanyi muwe na wenu. Umma ungekatika vipande viwili siku hiyo hiyo. Abubakar na Omar wakakimbilia kuuzuia moto. Akachaguliwa Abubakar, mwenzake Mtume pangoni, aliyemswalishia watu alipokuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo tunavyoamini, na mimi naamini mpaka kaburini. Lakini kuyasikia kwa Mshia, siku ya Ghadir..." Akajifunika mdomo kwa ncha ya baibui.

Mabula, maskini, hakuelewa kitu, ila alimwona bibi anataka kucheka, naye akacheka kidogo kwa heshima. Kicheko kikafia njiani. Uso wa Baba Mkubwa ulikuwa umebadilika.

"Usilinganishe," alisema kwa ukali. "Yule alikuwa Imam aliyeteuliwa na Mungu. Huyu ni mwuza pampu."

"Kweli, silinganishi."

"Basi nami nitasema wazi." Akamgeukia Adam. "Kijana, wewe ni mwaminifu, sina shaka. Tatizo letu ni moja. Ali alinyimwa, na tangu siku hiyo kila baya likazaa jingine. Bibi Fatima akanyimwa Fadak, shamba la baba yake, akafa na uchungu. Akaja Omar kwa kuteuliwa, Othman kwa shauri la watu sita, Ali akawa wa nne badala ya wa kwanza. Muawiya akampiga vita. Mwanawe Yazid akamchinja Husein, mwana wa Ali, kule Karbala, ana kiu, na watoto wake wanaona. Tunaomlilia Husein tunajua maji yalikaukia wapi kwanza. Yalikaukia Saqifa. Sasa tamka mbele yangu kwamba Ali ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza, na baada yake Maimamu kumi na mmoja wa kizazi chake. Tamka tu. Leo hii nitakuwa walii wa Rehmat, nikuozeshe, na nitapika biriani mimi mwenyewe."

Nyuma ya pazia Rehmat aliusogelea upenyo.

Sema, aliomba moyoni. Sema, Adam. Maneno machache tu. Mungu atakusamehe, mimi nitakusamehe, hata Bi Mwanaima atakusamehe siku moja.

Maana njia nyingine walikwisha kuizungumza kwenye simu, wakakwama. "Kwa fikihi yetu," Rehmat alimwambia, "baba na babu wakishafariki, mwanamwali mwenye akili zake hana walii. Baba Mkubwa hana amri juu yangu. Naweza kujiozesha kesho." Adam akajibu, "Kwa Shafii, bila walii hakuna ndoa. Na walii wako ni yeye, kwa sababu huna kaka." Rehmat akacheka kwa uchungu usiku ule. Madhehebu yake yalimfungulia mlango, na madhehebu ya mpenzi wake yakaufunga. "Sitaki ndoa ambayo shangazi yangu ataiona haramu," alisema Adam. "Nakutaka mchana kweupe."

Sasa Adam aliinua uso. Hakumwangalia Baba Mkubwa. Aliliangalia pazia.

"Mzee, Imam Ali nampenda. Hakuna Sunni asiyempenda. Husein nikisikia habari zake nalia, na aliyemuua simtetei. Lakini mimi nimefundishwa kwamba Abubakar alishika uongozi kwa haki, na Ali akampa mkono, hata kama alichelewa. Hivyo ndivyo ninavyoamini. Nikisema jingine leo, nitakuwa nimesema kwa ajili ya Rehmat, siyo kwa ajili ya Mungu. Na mtu aliyemdanganya Mungu ili aoe, mkewe atamwamini vipi?"

Machozi ya Rehmat yalidondoka juu ya mkono wa mama yake. Alimchukia kwa jibu hilo. Alimpenda kwa jibu hilo hilo, zaidi ya siku zote, na mapenzi hayo yalimuuma kama jino.

"Basi tumemaliza," alisema Baba Mkubwa, lakini kwa sauti ya chini.

Adam akasimama. "Tumemaliza, Mzee. Shangazi, twende. Sitaki nyumba ya Mzee Taki igawanyike kwa ajili yangu. Duka nitaliendesha mpaka mpate mtu. Na hata Ali, wenyewe mnasema, alinyamaza ili umma usipasuke."

"Alinyamaza!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia kabla Rehmat hajajua ni yake. Mama yake hakumshika tena. Badala yake akamsukuma kidogo mgongoni.

Rehmat akatoka.

Alikuwa na nguo nyeusi ya msiba, mtandio umemteleza nusu ya nywele. Adam alimwona kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na uso wake wote ulifunguka, akasahau kuuficha. Rehmat hakumtazama. Angemtazama angesahau maneno.

"Ali alinyamaza," alisema, "lakini Fatima hakunyamaza. Alitoka nyumbani kwake akaenda msikitini kwa baba yake, akasema mbele ya watu. Baba Mkubwa, si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Rehmat, rudi ndani."

"Nitarudi. Nina swali moja. Siku baba alipooshwa, wewe ulikuwa wapi?"

Baba Mkubwa akasimama.

"Nitakwambia. Ulikuwa hapa, kwenye kochi hilo. Wewe na wazee. Mlango ulikuwa umefungwa. Mimi nilikuwa dirishani, naona uani. Baba alikuwa amelazwa chini ya turubai, na maalimu kutoka msikitini anamwosha. Maji ya kwanza yalikuwa ya majani ya mkunazi. Ya pili ya kafuri. Ya tatu maji matupu. Nani alikuwa anachota? Nani alitwanga yale majani? Nani alishika ndoo mpaka mwisho, kanzu imelowa, hajui kama kuna kikao? Na ninyi mlikuwa mnaniozesha. Kaburi lilikuwa halijachimbwa, Baba Mkubwa. Halijachimbwa!"

Nje, Mabula alikuwa ameacha mlango wa gari wazi, redio ikisema peke yake.

"Kila mwaka unalia kwa jambo hilo," Rehmat aliendelea, na sasa sauti ilimkatika. "Leo asubuhi umelia. Nimekupa kitambaa. Unamlilia mtu aliyenyimwa akiwa anaosha maiti, na nyumbani kwako umelifanya hilo hilo."

"Nilihofia..." Baba Mkubwa alisema. "Mwanangu, nilihofia tutatawanyika."

"Najua. Bi Mwanaima anasema na wale walihofia hivyo hivyo. Mimi sijui hukumu ya watu wa miaka elfu moja na mia nne. Nakujua wewe."

Baba Mkubwa Akberali aliketi. Aliketi polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani, kwenye kochi lile lile. Rehmat alifikiri anatafuta maneno ya kumfukuza. Kisha mzee akamtazama Adam, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulimwona mpaka mwisho?"

"Nilimwona, Mzee."

"Mimi nilimkuta ameshavikwa sanda. Walinifunulia uso kidogo tu, makaburini, watu wamejaa, sikuona vizuri." Akainama mbele. "Uso wake ulikuwaje?"

Adam akapiga magoti mbele ya kochi ili macho yao yalingane.

"Alikuwa kama mtu aliyesikia utani akajizuia kucheka. Shavu hili lilikuwa limepanda kidogo. Maalimu alipommwagia maji ya mkunazi, jani moja lilimganda kwenye nyusi. Nililitoa kwa kidole. Nikamwambia, samahani Mzee."

Baba Mkubwa akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yake makubwa yalitikisika. Hakulia kama alivyolia asubuhi mezani, kwa sauti na maneno. Alilia kama mtoto aliyechelewa kufika, na hakuna aliyethubutu kumgusa ila Adam.

Alipotulia, alijifuta kwa kitambaa kile kile cha asubuhi.

"Bi Mwanaima."

"Labeka, Bwana Akber."

"Kabla wiki mbili hazijaisha, Mfungo Nne utaingia. Kwetu Muharram na Safar ni miezi ya msiba wa Husein. Hatupokei posa, hatufungi ndoa."

"Nafahamu. Na sisi Ashura tunafunga saumu. Tutawaheshimu."

"Mfungo Sita ninyi mnasoma maulidi tarehe kumi na mbili, sisi tunasema Mtume alizaliwa kumi na saba. Leteni mshenga katikati hapo." Akakikunja kitambaa. "Walii nitakuwa mimi. Wa Dar es Salaam nitawaambia mwenyewe, na watanitukana, na nitanyamaza. Ila sijawa Sunni, mtu asije akatangaza."

"Nani atamwamini?" alisema Bi Mwanaima, na safari hii hakuficha kucheka.

"Na watoto? Watamfuata nani?" Baba Mkubwa aliuliza.

Adam na Rehmat walitazamana. Hilo hawakuwahi kulimaliza, hata kwenye simu.

"Sijui, Mzee," alisema Adam.

"Hata mimi sijui," alisema Rehmat.

"Wazaliwe kwanza," alisema Bi Mwanaima, akanyanyuka kushika fimbo yake.

"Jambo moja," Baba Mkubwa aliongeza, na sauti ya mfanyabiashara ikamrudia. "Posa haijapokelewa. Mpaka ipokelewe, hakuna simu, hakuna kuonana. Nawajua. Na wewe binti, ulifikiri sijui kwa nini uliwaita leo?"

* * *

Walimruhusu Rehmat, mara hiyo moja, amsindikize Adam mpaka langoni, mama akiangalia dirishani. Ilikuwa mwendo mfupi, na Rehmat aliutembea kama mtu anayehesabu maji ya mtungi wa mwisho. Walipita uani, mahali palipowekwa kitanda cha kuoshea. Chokaa ya ukuta ilikuwa bado na alama ya maji. Wote wawili waliiona.

"Ungesema tu maneno yake," Rehmat alinong'ona. "Ungekuwa wangu leo. Nilikuomba kwa moyo wangu wote useme."

"Nilikusikia."

"Mwongo. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Nilikusikia, Rehmat. Ndiyo maana ilikuwa vigumu."

Mabula alikuwa ameshawasha gari, anajifanya anaangalia barabara ambako hakukuwa na kitu ila mbuzi. Bi Mwanaima alikuwa anafunga mkanda kwa uvivu ambao haukuwa wake.

"Miezi miwili na zaidi," alisema Rehmat. "Bila sauti yako. Utaweza?"

"Ali alingoja miaka ishirini na mitano."

"Na Fatima hakuwepo tena alipopewa." Machozi yakamjia upya. "Usinitolee mfano huo. Mimi nataka uje nikiwa nipo."

Adam akasogea hatua moja. Aliinua mkono, akaufikisha karibu na shavu lake, karibu kabisa, mpaka Rehmat akahisi joto la kiganja, kisha akaurudisha chini bila kumgusa. Mama alikuwa dirishani. Na yeye ndiye aliyewavua watu makoti kwa sababu mwenyewe hajagawa.

Akapanda garini. Gari likatoka, likafika kwenye kona ya Ngokolo, na pale Mabula, ambaye hakuna aliyemkataza kitu, akabonyeza honi yake mbovu ikakohoa mara moja.

Rehmat alifunga lango. Baba Mkubwa alikuwa uani, amesimama mbele ya ile alama ya ukutani, viatu amevivua.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Ni hapa, Baba Mkubwa."

"Kichwa kilikuwa upande gani?"

Rehmat akamwonyesha.